Losheni ya jua ya "dakika 80": nimeitumia baharini na mtoto mwenye ualbino, haya ndo nimeyaona

Mtoto wa kaka yangu ana ualbino na bahari haimtoki akilini, wikendi ikifika ni Nyali tu, kwa hiyo losheni ya jua kwetu si mambo ya urembo. Hii tunayotumia sasa ni ya Marekani, SPF yani namba ya nguvu ya kukinga jua ni 50, ina zinki, na imeandikwa kwamba inavumilia maji dakika 80. Muuzaji dukani alinambia "hiyo mama ukipaka asubuhi ni mpaka jioni, haitoki hata kwa maji". Si kweli, na hata kampuni yenyewe haijasema hivo, geuza chupa usome nyuma.

Kwa wenzetu Marekani FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilibadilisha sheria 2011, neno la kusema haipitishi maji kabisa likapigwa marufuku kwa losheni za jua, wakabaki na maandishi mawili tu, dakika 40 au dakika 80. Hizo dakika wanazipata maabara: mtu anapakwa, anaingia kwenye maji yanayozungushwa dakika 20, anatoka anakauka hivihivi kwa dakika 15 bila kujifuta, anarudi tena, mizunguko minne ndo 80. Halafu ndo wanapima SPF. Yani ile 50 unayoiona mbele ni ya baada ya maji.

Hapo ndo inatofautiana na ile ya Ulaya tuliyokuwa nayo mwanzo. Kule losheni ikibakisha angalau nusu ya nguvu yake baada ya maji inaruhusiwa kuandikwa kwamba inavumilia maji, kwa hiyo 50 yako inaweza kuwa imeshuka mpaka 25 na maandishi yako palepale. Si kwamba ni mbaya, ila ukiwa na ngozi kama ya huyu kijana ni vizuri ujue unasoma namba gani.

Sasa angalia lile neno bila kujifuta. Sisi taulo letu ni la bluu iliyoiva, na kwa kuwa hii losheni ina zinki akijifuta tu naona michirizi meupe kwenye taulo, mabegani na nyuma ya shingo ndo inatoka zaidi. Maabara hakuna taulo, hakuna mchanga, hakuna mtoto anayejisugua kwenye ubao wa kuogelea. Kwa hiyo hesabu yetu iko hivi: namkausha na kumpaka saa tatu, anasubiri robo saa ishike, saa tatu na robo anaingia. Angekaa majini moja kwa moja mwisho wake ungekuwa saa nne na dakika 35. Lakini akitoka saa nne kasorobo akajifuta, zile dakika 50 zilizobaki zimeishia kwenye taulo, anapakwa upya hapohapo. Na hata asipogusa maji kabisa, masaa mawili yakifika anapakwa.

Ugomvi wetu uko hapo. "Shangazi si umenipaka sasa hivi?" Nimekupaka ndio, lakini umejifuta mwanangu, njoo. Kumpaka akiwa anachuruzika maji pia haifai, inateleza na kukaa madoadoa, kwa hiyo namgusagusa na taulo bila kusugua, napaka nene, tunakaa tena kivulini ile robo saa.

Mpira wa mchangani nao una yake. Maelekezo ya chupa yanahesabu jasho sawa na kuogelea, dakika 80 upake tena, lakini kijana akitoka jasho anafanya nini, anavuta fulana anajipangusa uso, basi uso umeshabaki mtupu hata nusu saa haijafika. Uso, masikio na shingo napaka kila wakipumzika. Nyingine zote nilizojaribu jasho lilikuwa linaziteremsha machoni akaanza kulia, hii inashuka kidogo tu, kwa hilo naisifu.

Ubaya wake ni kwamba inaisha mbio. Kipimo cha maabara ni upakaji mnene, mtu mzima mwili mzima kama mililita 30, hicho kichupa cha 100 kinatoka mara tatu tu, na ukipaka kidogo kidogo ili kidumu hiyo 50 huipati hata kabla ya maji. Tulichofanya tumemnunulia fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na kaptula ya magotini, losheni imebaki ya uso, masikio, shingo, viganja kwa nyuma, miguu na nyayo kwa juu, matumizi yameshuka sana. Hii losheni naipa nne kwa tano, wakileta chupa ya 200 nanunua bila kuuliza bei, na yule muuzaji nimemwambia asome kwanza.