Kununua IST Tanga: Usidanganywe na Namba

Simama nusu saa kwenye barabara yoyote ya Ngamiani uhesabu magari madogo. Ukiacha bajaji na baiskeli, Toyota IST hazikosi, zikifuatana na Passo, Vitz na Probox. Tazama vioo vya pembeni na taa za nyuma: nyingi zimechorwa namba ya gari. Gari lililojaa mtaani vipuri vyake hupatikana upesi, na mwizi wa vioo naye analijua hilo.

Sisi tunaiweka IST ya kwanza. Ya pili Probox, kwa anayebeba mizigo kwenda Muheza au Pangani. Passo ya mwisho: injini ya sentimita za ujazo 1000 inatosha mjini, lakini watu wanne na mabegi mlima wa Lushoto wataisikia.

IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa 2002 hadi 2007. Chasisi ikianza na NCP60, injini ni 2NZ-FE ya 1300. NCP61 ni 1NZ-FE ya 1500, ileile iliyomo kwenye Probox nyingi. Zote zinatumia cheni, hivyo hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha.

Kosa la wengi ni kununua herufi. Muuzaji akisema "hii namba E", bei inapanda. Herufi hiyo inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania tu. IST ya 2004 yaweza kuwa namba C, na nyingine ya mwaka uleule ikawa namba E kwa sababu imeingia nchini miaka mingi baadaye. Kwa hiyo linganisha chasisi iliyopigwa kwenye bodi na ile ya kadi, kisha uulize mwaka wa kutengenezwa.

Namba C iliyokaa Raskazone imekula upepo wa bahari muda mrefu zaidi, na hapo ndipo umri wa usajili unapokuwa na maana. Lala chini ulitazame. Gonga kwa mpini wa bisibisi kingo za chini ya milango na matao ya magurudumu ya nyuma. Bati zima hulia kavu. Lililooza hutoa sauti ya mfu, au rangi inapukutika. Fuata mabomba ya breki hadi nyuma. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini yote, huku nati zikiwa na kutu, ni ya kuficha.

Mwisho ni gia boksi. Njoo asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukiweka D, gari lishike ndani ya sekunde moja au mbili, bila kupiga teke. Oili yake inatakiwa Toyota T-IV, nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, kuibadilisha pekee hakuiponyi: punguza bei kwa gharama ya gia boksi nyingine, au mwachie muuzaji gari lake.