Kidonge cha mifupa cha kila wiki: dawa naipa nyota nne, aliyeniuzia hapati hata moja

Naanza na yule kijana wa duka la dawa, maana hasira haijaisha. Niliteleza bafuni nikavunjika mkono, daktari akaona mifupa imekuwa dhaifu, akaniandikia alendroneti ya miligramu 70, kimoja kwa wiki. Kijana akaandika 1x1 kwenye bahasha huku macho yako kwenye simu. Yaani kila siku! Nikamkumbusha. "Haya mama, kwa wiki basi. Kunywa ukishakula, kama dawa zingine."

Nikala chapati na chai ya maziwa, nikameza, nikajinyoosha kitandani. Kufika mchana kifua kinawaka, kila tonge likipita linauma. Binti yangu ndiye aliyesoma karatasi ya ndani ya boksi, akashika kichwa.

Kumbe dawa hii hata ukiinywa sawasawa, mwili unachukua chini ya asilimia 1. Ikikutana na chakula, karibu yote inapotea, kwa sababu kalsiamu ya maziwa inaing'ang'ania na kutoka nayo. Kahawa au maji ya machungwa nayo hupunguza zaidi ya nusu ya hicho kidogo. Kwa hiyo kidonge changu cha kwanza kiliishia chooni, na kabla ya kwenda kikanichubua umio, maana ukilala kinaweza kukwama au kurudi juu.

Nikarudi dukani. Salamu hakuna. "Mama, mbona wengine hawalalamiki?" Wengine! Wangapi wanameza na chai, wakidhani mifupa inapona?

Daktari alinisimamishia dawa mpaka maumivu yakaisha kabisa, akanionya kwamba kumeza kukiuma tena, au kikija kiungulia kipya, niache na niende kumwona. Sasa ni kila Jumamosi: nikiamka tu, kabla ya kitu chochote, nakimeza kizima na glasi nzima ya maji ya kawaida. Halafu nusu saa nimekaa wima au natembea uani, na silali mpaka nimeshakula. Kidonge cha kalsiamu nakiacha mpaka mchana. Nikisahau, nakunywa kimoja kesho yake asubuhi, kisha narudi Jumamosi yangu. Viwili siku moja, hapana.

Tangu hapo kifua kimya. Kama mifupa imeimarika siwezi kusema, hilo halisikiki mwilini, nasubiri kipimo. Nilikusudia kuipa dawa nyota moja, nikaona naionea.

Lakini nikifikiria tena, waliotengeneza nao wana lao. Jambo zito hivyo unaliandika kwa herufi za sisimizi, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nane, kwa dawa ya wazee? Punguza moja. Tatu.