KOReader na PDF za sheria kwenye simu: uzoefu wangu hapa Wete

Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Wete, na karibu kila sheria ninayoisoma naipata kwa PDF kwenye simu. Sina kompyuta ya kutembea nayo shehia hadi shehia. Watu wananiuliza juu ya mirathi, mipaka ya shamba, mikarafuu iliyopandwa na mmoja kwenye ardhi ya mwengine, na jawabu liko ndani ya karatasi ya A4 iliyobanwa kwenye kioo. A4 ina upana wa milimita 210, kioo cha simu yangu ni kama 68, yaani chini kidogo ya thuluthi. Kwa hiyo herufi zilizochapwa kwa ukubwa wa 12 zinafika machoni kama 4. Ukikuza, mstari unatoka nje ya kioo na unabaki kusukuma ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Kifungu kirefu hukisomi hivyo ukakielewa.

Programu ninayoitumia sasa ni KOReader. Ni ya bure, haina matangazo, inapatikana F-Droid, duka la programu za bure za Android, na ikishaingia kwenye simu haihitaji bando. Hilo la bando si dogo kwa mtu anayesomea ndani ya meli kati ya Mkoani na Unguja. Zipo programu nyengine zinazopanga PDF upya kwa kulipeleka faili kwenye mtandao kwanza, na katikati ya bahari hazina msaada.

Kabla ya kuieleza, niseme kwa nini PDF ni ngumu. Faili la PDF kwa kawaida halijui aya ni nini. Ndani yake mna maagizo ya kuweka herufi hii mahali hapa, ile pale, basi. Programu inayotaka kuyatoa maandishi na kuyapanga upya inabidi ikisie mstari gani unafuata mstari gani. Kwenye barua ya kawaida inakisia vizuri. Kwenye sheria zetu inakwama, kwa sababu ya maelezo ya pambizoni: yale maneno madogo yanayokaa kando ya kifungu kukitaja kinahusu nini. Yako sambamba na mistari ya kifungu, na mashine ikisoma kutoka kushoto kwenda kulia inayachanganya humo humo. Programu niliyokuwa nayo mwanzo ilinitolea kifungu cha kwanza cha sheria moja namna hii:

"Sheria hii itaitwa Sheria ya Jina fupi na Mwaka huu na itaanza kutumika kuanza kutumika. baada ya kutiwa saini na Rais."

Nilimuonesha mwenzangu wa afisini, akaniuliza, "Bibi wee, hii sheria au kitendawili?" Hapo bado unaona kwamba kuna kitu kimeingia. Hatari ni pale pambizo inaposema "Adhabu" au "Ukomo wa muda" na maneno yakaingia kwenye sentensi kwa namna inayosomeka.

KOReader haikisii maandishi. Inautazama ukurasa kama picha, inatafuta nafasi nyeupe kati ya neno na neno na kati ya mstari na mstari, inayakata maneno kama yalivyo, kisha inayapanga kwenye safu nyembamba inayoenea kioo, kama mtu aliyekata gazeti kwa mkasi akalibandika upya kwenye ukanda. Kwa sababu hiyo inafanya kazi hata kwenye sheria iliyoskaniwa, ambayo ndani yake hamna herufi hata moja, picha tupu. Na namba za kurasa hazibadiliki: mtu akiniambia tazama ukurasa wa 14, naenda 14, ingawa ukurasa huo mmoja umekuwa mrefu na nausogeza kwenda chini. Mtu aliyeigeuza PDF kuwa EPUB, faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga upya kwa kila kioo, hana tena namba hizo.

Lakini pambizo bado ipo kwenye picha, na usipofanya kitu utaipata imechanganyika vile vile. Dawa ni kuikata kwanza. Gusa sehemu ya chini ya kioo, menyu itoke, tafuta `Page Crop`, chagua `manual`. Litatokea fremu, zisogeze pembe zake hadi ndani yake mubaki kifungu peke yake na maelezo ya pambizoni yawe nje, kisha thibitisha. Sasa fungua ukurasa unaofuata ufanye tena. Mara mbili kwa sababu kwenye sheria nyingi pambizo iko kulia kwenye kurasa za witiri na kushoto kwenye za shufwa, au kinyume chake, na KOReader inaweka fremu moja kwa kurasa za witiri na nyengine kwa za shufwa. Ukishafanya kwa kurasa mbili, faili zima limepata. Ndipo uwashe `Reflow`, ndiyo huko kuyapanga maneno upya, iwe `on`, urekebishe `Font Size` mpaka macho yaridhike. Maneno yakitokea yameshikana, ongeza `Word Gap`.

Usikate kwa ubakhili. Fremu ikila herufi za mwisho za mstari, programu haitakuambia. Itapanga kilichobaki na kitaonekana kizuri tu. Dalili yake ni sentensi isiyounganika kila baada ya maneno kadhaa. Mimi huacha upenyo mdogo mweupe kila upande, na ukurasa wenye kifungu nitakachomsomea mtu nauangalia tena `Reflow` ikiwa imezimwa. Neno "si" likipotea, haki imegeuka. Kwa kuangalia huko pia naziona pambizo, maana zina faida yake: ndizo zinazonisaidia kukipata kifungu haraka.

Kwa nakala zilizoskaniwa kuna la ziada. Karatasi ikiwa iliwekwa upande kwenye mashine, mkato unapita juu ya herufi na unaona maneno yaliyokatwa vichwa, `Auto Straighten` inainyoosha. Kivuli cheusi cha mgongo wa kitabu nacho kinahesabiwa kuwa maandishi, kwa hiyo kiachwe nje ya fremu. Simu ya bei nafuu itafikiri kidogo kwenye ukurasa wa kwanza, baadaye inatayarisha unaofuata wakati wewe unasoma huu.

Pale isipofaa kabisa ni kwenye majedwali. Jaduweli la ada lina safu ya huduma na safu ya kiasi, na programu inaweza kudhani ni safu mbili za gazeti: inasoma huduma zote kwanza, halafu inashusha rundo la shilingi lisilo na wenyewe. `Columns` ukiiweka 1 haigawi safu, ila mistari mirefu bado itavunjika na kiasi kitashuka chini ya huduma nyengine. Mimi sihangaiki. Nikiona tarakimu zimepangana peke yake nazima `Reflow`, nalaza simu, nakuza na kusoma jaduweli lilivyochapwa. Ada ya mtu siitaji kutoka kwenye kitu kilichokatwakatwa.

Menyu zake zinachosha mwanzoni, vitufe vingi na vidogo, na mzee wangu mmoja niliyemuwekea aliirudisha simu siku hiyo hiyo. Kwake yeye nilikata na kuwasha kila kitu mwenyewe. Mipangilio inabaki na faili, kwa hiyo kazi yake ni kufungua na kusogeza tu. Mpaka leo hajui menyu iko wapi, na anasoma.