Uzoefu wangu: herufi B ya maua kwa Stable Diffusion na ControlNet

Kwa herufi kubwa ya mapambo inayofungua sura ya kitabu, njia ninayoitegemea ni Stable Diffusion XL, kwa kifupi SDXL, modeli inayochora picha kutokana na maneno, ikiendeshwa pamoja na ControlNet, nyongeza inayoifanya ifuate picha ya mwongozo. Naipendelea kwa sababu inakubali kupewa umbo la herufi kama picha. Ukiiachia modeli maneno peke yake, itachora waridi zuri sana, lakini herufi yenyewe itakuwa ya kubahatisha: mara shada la duara, mara herufi mbili zilizopandana, mara P badala ya R. Ukiipa picha ya mwongozo, umbo unaliamua wewe na modeli inabaki na kazi ya kuotesha maua ndani yake.

Nitaeleza kwa herufi B, kwa sababu ndiyo inayosumbua kuliko wengi wanavyotarajia. B na 8 zinatofautishwa na upande wa kushoto tu: B ina mgongo ulionyooka na pembe mbili kali, juu na chini. Waridi likikaa kwenye pembe hizo, kwa kuwa lenyewe ni duara, pembe inafutika na msomaji anaona nane. Kila herufi ina sehemu ya namna hiyo inayobeba utambulisho wake, kama mguu wa R, mkono wa chini wa E au mwanya wa C. Ijue sehemu hiyo kabla hujafungua programu, maana ndiyo utakayoilinda hadi mwisho.

Mwongozo nautengeneza Inkscape, ingawa programu yoyote ya kuchora inatosha. Turubai ni pikseli 1024 kwa 1024, saizi ambayo SDXL imezoea, na herufi ina urefu wa pikseli 800 hivi. Fonti iwe nene. Herufi nyembamba inapendeza ikiwa tupu, lakini fito yenye upana wa pikseli 40 haina nafasi ya ua, kwa hiyo modeli itaijaza nyasi au itaipuuza. Kwa B, mgongo naupa pikseli 190 na fito tatu za kulala pikseli 160 kila moja. Hapo matundu mawili ya ndani yanabaki na kimo cha pikseli 160. Usione ni makubwa mno: petali hutokeza nje ya mstari kwa pikseli 30 au 40, juu na chini, na tundu la 160 huishia kwenye 80 au 100. Tundu la 90 lingekaribia kuzibika kabisa. Fonti yenye vikanyagio vizito, yaani vile vipande vya miishoni mwa fito, vinavyochomoza kushoto inasaidia zaidi, kwa sababu hata maua yakimwagika, ule mchomozo unakataa kuwa nane.

Kati ya aina za ControlNet, kwa kazi hii nachagua ya kina, yaani `Depth`, kuliko `Canny`. `Canny` inafuata mstari wa ukingo kwa ukali, na matokeo yake ni maua yaliyokatwa kama kwa mkasi, petali zikiishia ghafla kwenye mstari. `Depth` inasoma kilicho karibu na kilicho mbali, hivyo ua linaruhusiwa kuvuka ukingo kidogo na herufi inapata ujazo. Uzuri wake mwingine ni kwamba herufi nyeupe juu ya weusi tayari ni ramani ya kina, maana nyeupe ni karibu na nyeusi ni mbali. Pakia picha yako na uweke `Preprocessor` kwenye `none`. Ukiwahi kupata maua yaliyojaa kila mahali isipokuwa ndani ya herufi, jua umepakia herufi nyeusi juu ya nyeupe. Geuza rangi na tatizo limekwisha. Kingo nazififisha kwa ukungu wa pikseli 8 ili maua yasionekane yamebandikwa kwenye ukuta. Nisingezidisha hapo kwa B, kwa sababu ukungu mwingi ndio huo huo unaoziviringisha zile pembe.

Maagizo ya maneno yawe mafupi. Haya yanatosha:

```
densely packed large garden roses, rosebuds, small pointed green leaves,
botanical watercolor, front view, plain white background
```

Na kwenye `Negative prompt`:

```
vase, bouquet, wreath, frame, ribbon, text, shadow
```

Utaona kwamba herufi B haikutajwa. Mwongozo umeshaisema, na ukiitaja tena kwa maneno, mara nyingi herufi ndogo za ziada zinajichomeka kwenye majani au pembeni mwa karatasi. Neno `wreath` kwenye makatazo ni muhimu kwa herufi zenye mviringo, kwa kuwa modeli ikiona maua yaliyopangwa kwa kuzunguka inakimbilia shada. `large` nayo ina kazi: huwezi kuagiza ukubwa wa ua kwa pikseli, ila neno hilo likiungana na unene wa fito linakupa maua ya pikseli 140 hadi 170, yaani ua moja kwa upana wa mgongo. Maua ya kiasi hicho yanasomeka kama maua. Yakiwa madogo zaidi herufi inageuka zulia la madoa.

Vipimo vinavyoamua matokeo ni viwili. `Control Weight` naiweka 0.8 na `Ending Control Step` 0.65. Ya kwanza ni nguvu ya mwongozo. Ya pili inasema mwongozo uachilie lini, hapa baada ya asilimia 65 ya hatua za uchoraji. Umbo la jumla huamuliwa mapema na petali huja mwishoni, kwa hiyo kuachilia mapema kidogo ndiko kunakoyapa maua uhai kwenye kingo. Ukiweka zote mbili 1, unapata bati lililochorwa maua. Ukishusha nguvu chini ya 0.5, unapata fungu la maua lenye kumbukumbu ya B. Mengine hayana siri: hatua 30, `CFG Scale` 6, picha nane kwa mkupuo, kisha chagua.

Katika kuchagua, usianze na uzuri. Punguza picha hadi pikseli 60, iondolee rangi, kisha itazame. Rangi inadanganya, kwa sababu jicho linatenga wekundu na kijani hata pale ambapo mwanga wao ni sawa, na kwenye karatasi ya rangi moja B yako itakuwa kibonge cha kijivu. Ikisomeka ikiwa ndogo na ya kijivu, imepita. Kinachoangusha picha nyingi ni tundu la juu lililozibwa na jani, au ile pembe ya chini kushoto yenye waridi.

Makosa hayo mawili hayahitaji kuanza upya. Tumia `Inpaint`: funika pembe tu, andika `pointed green leaves, plain white background`, na uweke `Denoising strength` 0.65. Majani yenye ncha yanaijenga pembe upya, kwa sababu ncha ya jani inaelekea mahali ambapo pembe ilitakiwa kuwa. Kwa tundu lililozibwa ni haraka zaidi kulifuta kwa brashi nyeupe. Modeli haipendi nafasi tupu na ukiiomba izibue tundu, itapanda kitumba kingine humo humo.

Kitu ninachokilaumu katika njia hii ni weupe wake. `plain white background` hutoa karatasi nyeupe iliyofifia, na ukiiweka kwenye ukurasa unaona mraba wa kijivu hafifu umezunguka herufi. Fungua GIMP, ingia `Levels`, gusa usuli kwa kidondoshi cha nyeupe, na mraba unatoweka. Kwa mtindo wa rangi za maji sikati herufi itoke kwenye usuli, kwa kuwa kingo zake laini zinabaki na ukoko mweupe. Kwenye programu ya kupanga kurasa naiweka kwa `Multiply` juu ya karatasi, na weupe unapotea wenyewe.

Kuhusu ukubwa, urefu wa milimita 40 unafaa kwa kichwa cha sura. Kila pikseli ya herufi inakuwa milimita 0.05, na ua la pikseli 150 linatoka na upana wa milimita 7.5, kiasi cha kuona petali. Ukitaka herufi iingie ndani ya aya kwa kimo cha mistari minne, yaani milimita 17 au 18 kwa maandishi ya kawaida ya kitabu, ua hilo hilo linashuka hadi milimita 3 hivi. Kwa saizi hiyo tengeneza mwongozo mpya wenye fito nene zaidi na maua machache, usiipunguze ile kubwa. Na unapoipanga kwenye mstari, usifuate ukingo wa maua, kwa sababu petali moja iliyoning'inia itaiinua herufi nzima. Weka mwongozo wako kama tabaka la juu lililofifishwa, linganisha mguu wake na mstari wa maandishi, kisha uufute. Picha na mwongozo vina saizi moja, kwa hiyo vinalingana.

Kwa bango, kinachopungua ni pikseli. Herufi ya sentimita 30 ikichapwa kwa `150 dpi` inahitaji pikseli 1772 za urefu, yaani kuikuza mara 2.2 kutoka 800. Ukikuza kwa kupitisha picha tena kwenye modeli, `Denoising strength` isizidi 0.3. Ikipita hapo, modeli inaanza kuchora maua madogo ndani ya petali, na ukikaribia bango unaona waridi limeota waridi.

Herufi ya vitu badala ya maua inawezekana kwa mwongozo huo huo, lakini hapo chombo hiki nakipa alama za chini. Maua yakiyeyukiana hakuna anayejua. Mkasi ulioungana na kijiko kila mtu anauona. Chagua aina tatu tu za vitu: kimoja kirefu kwa fito zilizonyooka, kimoja cha duara kwa matumbo ya B, na kimoja kidogo cha kujazia. Epuka vyenye maungio kama mkasi na miwani. Jiandae kutupa picha nyingi kabla ya kupata moja safi.

Kama kitabu kitatoka pia kama `EPUB`, kumbuka kwamba sasa herufi ya kwanza ni picha. Kisoma-skrini kikikutana na sura inayoanza na "Baada" kitatamka "aada", na anayetafuta neno hilo hatalipata. Kwa wasikilizaji, herufi ipewe maandishi yake na neno zima lisomwe pamoja:

```
<img src="b.png" alt="B"/>aada ya mvua
```

Visomaji vingine hutamka B peke yake kisha "aada". Ndiyo maana, pale mpangilio unaporuhusu, naona bora picha ikae juu ya aya kama pambo lenye `alt=""`, na neno "Baada" liandikwe kamili chini yake.