Wasiwasi usiokoma: tiba ya fikra na mwenendo au vidonge?
Mwalimu anayempigia mumewe simu kila saa kuhakikisha yu salama, akipewa tiba ya fikra na mwenendo, huandika anachohofia, kisha hupunguza simu hizo hatua kwa hatua huku akilinganisha hofu yake na kilichotokea. Kazi hiyo huchukua takriban vikao 12 hadi 15, na ujuzi wake hubaki. Sertralini, dawa ya vidonge ya wasiwasi na sonona, haimdai mazoezi hayo, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa, wasiwasi waweza kuzidi siku za mwanzo, na dawa ikiachwa ghafla huleta kizunguzungu. Kwa kuwa matokeo ya tiba hizi hukaribiana, daktari hutazama matakwa ya mgonjwa, upatikanaji wa mtaalamu, na kama sonona imemlemea asiweze mazoezi. Hapo, kwa maoni yangu, vidonge vitangulie.