Saa ya kukimbia iliyonichelewesha getini

Saa hii niliinunua Luthuli Avenue, ya mtumba lakini safi. Kwa mapigo ya moyo na kukaa na chaji, sina neno. Kilichonikera ni setilaiti. Asubuhi nasimama nje ya geti huku Kilimani, magorofa kila upande, nayo inatafuta GPS tu hadi mwili unapoa.

Muuzaji alisema ni "netiwaki ya mtaa". Sehemu ni kweli, ila si yote. Kila setilaiti hutangaza maelezo ya njia yake kwa mwendo wa kinyonga, biti 50 kwa sekunde, na ujumbe huo hurudiwa kila baada ya sekunde 30. Saa isiyo na maelezo hayo lazima iyapokee kutoka kwa setilaiti zisizopungua nne. Ukitembeatembea na gorofa likakata mawimbi katikati, kipande kilichopotea unakisubiri hadi kizunguke tena. Kwa hiyo wale tunaopasha misuli kwa kuzunguka parking huku saa ikitafuta, tunaichelewesha wenyewe.

Dawa iliyonisaidia zaidi iko kwenye simu. Saa ikiungana na apu yake kwa Bluetooth, hupakua faili dogo lenye utabiri wa njia za setilaiti kwa siku kadhaa zijazo. Ikiwa nalo, haingoji kuambiwa na setilaiti kila moja iko wapi. Inapima umbali tu. Ya kwangu ilikuwa imelala dukani muda mrefu, faili limepitwa na wakati. Sasa naiunganisha usiku, bado niko kwenye Wi-Fi ya nyumbani, na asubuhi inashika mara nyingi kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu.

Kujua kama tatizo lako ni hilo, kimbia asubuhi, kisha washa GPS tena baada ya saa moja hivi mahali palepale. Ikishika haraka mara ya pili, saa ni nzima: maelezo iliyoyapokea bado yanafaa, kwani hudumu kama saa nne. Ikisumbua tena, nenda nayo uwanja wazi. Ikishika huko, lawama ni ya magorofa. Ikichelewa hata huko, na faili ni jipya, hapo ndipo ningeshuku antena.

Kwa magorofa, nimewasha mifumo mingine ya setilaiti, GLONASS na Galileo, pamoja na GPS, maana kipande kile kidogo cha anga kinakuwa na setilaiti nyingi zaidi. Chaji inaisha mapema kidogo, navumilia. Pia saa ikisema tayari, naiacha kama dakika moja zaidi, la sivyo mwanzo wa ramani unanionyesha nikipita ndani ya nyumba za watu.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeibania kwa sababu saa haikuambii popote kwamba faili limeisha muda.