Kununua programu ya kuhesabu uchimbaji wa msingi mjini Bukavu: modeli ipi ya udongo, wavu upi

Ofisi ndogo ya wahandisi mjini Bukavu inaponunua programu ya elementi finiti, yaani programu inayoukata udongo vipande vidogo ili kukokotoa msukumo na msogeo wake, mara nyingi huulizia bei ya leseni kwanza. Nashauri bei ije baadaye. Kinachoamua kama fedha imetumika vizuri ni modeli za udongo zilizomo ndani ya leseni hiyo, yaani kanuni zinazoieleza programu jinsi udongo unavyosogea na kushindwa, pamoja na vipimo vya maabara ambavyo kila modeli inadai. Mwongozo huu unapanga modeli nne kwa kazi moja tu, nayo ni shimo la etaji ya chini ya ardhi linalochimbwa katika udongo mwekundu wa mfinyanzi uliotokana na kuoza kwa mawe ya volkano, kama ule wa vilima vya Ibanda na Kadutu. Wenzetu wa Goma, wanaochimba katika lava yenye nyufa, wasiutumie: jiwe lililopasuka huanguka kwa kufuata nyufa zake, na modeli hizi hazizioni nyufa hizo.

Ili tulinganishe kwa haki, tuchukue kisa kimoja kwenye kiwanja kilichosawazishwa. Shimo lina kina cha mita 5. Ukuta wa zege unaendelea mita 3 chini ya sakafu ya shimo, na unashikiliwa na boriti za mkingamo zilizowekwa mita 1 chini ya uso wa ardhi. Udongo una uzito wa 18 kN kwa mita ya ujazo na pembe ya msuguano ya nyuzi 30, mshikamano wake tunauhesabu kuwa sifuri, na hakuna maji ya ardhini hadi chini ya ukuta. Msukosuko wa suala zima unaanzia kwenye jambo moja rahisi: kuchimba ni kuondoa mzigo. Udongo uliobaki chini ya sakafu unapunguziwa 5 × 18, yaani 90 kPa, na modeli isiyojua tofauti kati ya kubebeshwa mzigo na kupunguziwa mzigo itakosea hapo hapo.

Nafasi ya kwanza: Hardening Soil

Modeli hii ndiyo ninayoipendekeza inunuliwe. Inatumia ugumu mmoja wakati udongo unabebeshwa mzigo kwa mara ya kwanza, na ugumu mwingine, ambao kwa kawaida huchukuliwa kuwa mara tatu ya ule, wakati udongo unapunguziwa mzigo au unabebeshwa tena. Vilevile ugumu wake huongezeka kadiri mgandamizo unavyoongezeka kwa kina, kama ulivyo udongo wenyewe.

Gharama yake halisi iko maabara. Omba jaribio la mgandamizo wa pande tatu kwa sampuli tatu zilizobanwa kwa viwango vitatu tofauti, maji yakiachwa yatoke, na jaribio la edometa ambamo sampuli inashindiliwa, inapunguziwa mzigo, kisha inashindiliwa tena. Hatua hiyo ya kupunguza mzigo huachwa mara kwa mara kwa sababu mteja hakuitaja katika barua ya maombi, nayo ndiyo inayotoa ugumu unaohitajika kwa shimo. Iandike waziwazi kwenye maombi. Kama bajeti inatosha kwa leseni ya bei nafuu na vipimo hivi, au kwa leseni ya bei kubwa bila vipimo, chagua ya kwanza bila kusita.

Nafasi ya pili: Hardening Soil yenye ugumu wa misogeo midogo

Hii ni ndugu wa ile ya kwanza, ikiongezewa ukweli kwamba udongo ni mgumu zaidi sana unaposogea kidogo mno. Inaonyesha vizuri zaidi jinsi ardhi inavyotitia nyuma ya ukuta, kwa kuwa bonde la mtitio hubaki karibu na shimo badala ya kusambaa mbali. Naiweka ya pili kwa sababu inadai thamani mbili zaidi, mojawapo ikiwa ugumu wa mwanzo unaopatikana vizuri kwa kupima mwendo wa mawimbi ya mkato ardhini, kipimo ambacho si kila mradi unaweza kukilipia. Nyumba ya jirani ikiwa imesimama ndani ya mita chache kutoka ukingo wa shimo, ipandishe iwe ya kwanza.

Nafasi ya tatu: Mohr-Coulomb

Karibu kila programu inayo, hata zile za bure, na kwa swali la kama shimo litaanguka au halitaanguka inatosha. Tatizo lake ni kwamba ina ugumu mmoja tu. Tuseme tumeipa ugumu wa 20 MPa na uwiano wa Poisson wa 0.3. Ugumu wa kushindiliwa bila kutanuka pembeni unakuwa takriban 27 MPa, kwa hiyo udongo wenye unene wa mita 10 chini ya sakafu ya shimo pana utainuka:

```
90 / 26900 × 10 = 0.033 m
```

Hiyo ni milimita 33. Ukishusha mpaka wa chini wa mchoro wako hadi mita 20, jibu linakuwa milimita 67, ingawa shimo ni lile lile na udongo ni ule ule. Jibu linalotegemea mahali ulipochora mstari wa chini si jibu. Ukitumia Hardening Soil yenye ugumu wa kupunguziwa mzigo wa 60 MPa na uwiano wa 0.2, mita 10 zile zile huinuka takriban milimita 13 au 14. Hizi ni hesabu za shimo pana sana. Sakafu ya shimo jembamba huinuka kwa kiasi kidogo kuliko hapo, lakini uwiano kati ya modeli hizo mbili unabaki.

Madhara hayaishii kwenye sakafu. Udongo unaoinuka hivyo huubeba ukuta juu, na wakati mwingine ardhi iliyo nyuma ya ukuta nayo huonekana kupanda, mahali ambapo kwa kweli hutitia. Mhandisi akiona kwenye skrini kwamba nyumba ya jirani inapanda, asifurahi. Hiyo ni dalili ya modeli, na nyufa za jirani zitakuja bila kutangazwa na programu. Usipokuwa na njia nyingine, gawa udongo katika matabaka na uyape ya chini ugumu mkubwa zaidi, kisha tumia jibu kwa usalama wa ukuta tu, si kwa mtitio.

Nafasi ya nne: modeli ya mnyumbuko peke yake

Usiinunue kwa kazi hii. Haina kikomo cha nguvu, kwa hiyo udongo wake haushindwi kamwe, na nyuma ya ukuta inaweza hata kuonyesha udongo unaouvuta ukuta. Inafaa kwa zege tu.

Wavu

Wavu ni mpangilio wa vile vipande vidogo ambavyo programu inaukata udongo, na hapa unanunua muda wa kompyuta. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya pembetatu zenye nodi 6, yaani pointi ambapo msogeo unakokotolewa, na zenye nodi 15, chukua zenye nodi 15, kwa sababu zile za nodi 6 huelekea kuuonyesha udongo kuwa na nguvu kuliko ulivyo unapokaribia kuanguka. Wavu wenye vipande vikubwa hufanya kosa hilo hilo, na ni kosa la upande wa hatari. Kwa kisa chetu anza na vipande vya nusu mita kando ya ukuta na chini ya ncha yake, vikipanuka polepole kuelekea pembeni, na mpaka wa pembeni uwe umbali wa mita 25 hivi nyuma ya ukuta. Kisha gawa vipande vya karibu na ukuta nusu kwa nusu na uhesabu tena. Kigezo cha usalama, yaani mara ngapi nguvu ya udongo inaweza kugawanywa kabla shimo halijaanguka, kikibadilika kwa zaidi ya asilimia 3 au 5, endelea kugawa. Weka pia tabaka la mgusano kati ya ukuta na udongo, na lipite ncha ya ukuta kidogo.

Mjini Bukavu kuna tahadhari moja ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa nchi tambarare huitaja kwa haraka. Programu nyingi huanza kwa kukadiria mgandamizo wa pembeni kwa kanuni ya K0, yaani uwiano wa mgandamizo wa pembeni kwa ule wa wima, nayo ni sahihi pale tu ambapo uso wa ardhi na matabaka ni ya usawa. Kiwanja chako kikiwa kwenye mteremko, anza kwa kuupa udongo uzito wake na kuacha programu itafute usawa. Usichore nusu ya shimo pia, kwa maana upande wa juu wa kilima na upande wa chini havilingani.

Hesabu ya mkono kabla ya kulipa

Omba toleo la majaribio na ulipatie kazi hii. Kwanza soma mgandamizo wa mwanzo katika kina cha mita 5: wima lazima uwe 90 kPa, na wa pembeni 45 kPa ukiwa na K0 ya 0.5. Ukiona namba nyingine, uzito au vipimo umeviingiza vibaya, na hakuna haja ya kuendelea.

Pili, tumia kanuni ya Rankine ya msukumo wa udongo kwenye ukuta. Udongo unaosukuma una mgawo wa 1/3 na unaokinza una mgawo wa 3. Ukichukua momenti kwenye boriti, ukuta unasimama kwa shida ukiwa umezama mita 1.9 tu, wakati huo boriti inabeba takriban 45 kN kwa kila mita ya ukuta, na momenti kubwa ni takriban 72 kNm kwa mita. Programu mara nyingi itatoa nguvu ya boriti iliyo juu ya 45, kwa sababu udongo wa karibu na boriti hausogei kiasi cha kulegea kikamilifu. Mimi huanza kutilia shaka ikipita 70 au ikishuka wazi chini ya 45. Momenti hutegemea sana ugumu wa ukuta, kwa hiyo naipa uhuru zaidi.

Tatu, na hiki ndicho kipimo kinachofichua wavu mbaya, tafuta kigezo cha usalama. Kwa ukuta uliozama mita 3, usawa unafikiwa pale ambapo pembe ya msuguano inashuka hadi nyuzi 22.8:

```
tan 30° / tan 22.8° = 1.37
```

Iagize programu ipunguze nguvu ya udongo hatua kwa hatua, huku tabaka la mgusano likiwa karibu laini kabisa, maana Rankine haihesabu msuguano wa ukuta, na mshikamano ukiwa mdogo sana. Jibu linapaswa kuwa jirani na 1.37. Likiwa 1.6, wavu una vipande vikubwa mno au mgusano umeachwa na msuguano, likiwa 1.1, angalia kama hesabu ilikatika kabla ya kufikia usawa. Ukirudisha msuguano halisi wa ukuta, kigezo kitapanda, na kupanda huko ni halali.

Mshikamano tumeuweka karibu na sifuri kwa makusudi. Udongo mwekundu uliochimbwa kati ya Juni na Agosti husimama wima bila msaada kwa sababu maji machache yaliyomo huvuta chembe pamoja. Mvua za Septemba zinaondoa nguvu hiyo, na maabara iliyopima sampuli kavu itakuandikia mshikamano ambao shimo lako halitakuwa nao. Kwa hiyo omba sampuli zijazwe maji kabla ya kuvunjwa, na muuzaji anayekataa kukupa toleo la majaribio lenye uwezo wa kupunguza nguvu ya udongo mwondoe kwenye orodha.